Geuza Kiti Kabla ya Kutaja Bei

Tangu mwaka 2016, serikali ya Tanzania ilipotangaza kwamba sasa inahamia Dodoma kwa vitendo, familia nyingi za Dar es Salaam zimejikuta zikiamua kipi kipakiwe kwenye lori na kipi kiuzwe. Seti ya meza ya chakula mara nyingi huangukia upande wa kuuzwa. Ni nzito, inakula nafasi, na nyumba ya kupanga huko uendako pengine haina chumba cha kuitosha. Basi picha hupigwa, majirani huambiwa, na simu huanza kuita. Na karibu kila anayepiga huuliza swali lilelile: "Mwisho ngapi?"

Swali hilo huulizwa kabla mtu hajaiona meza. Muuzaji hujibu kwa kukumbuka alichotoa zamani, mnunuzi hushusha kwa kukumbuka alichonacho mfukoni, na wanakutana mahali fulani katikati ambapo hakuna anayeweza kueleza pamefikiwaje. Meza yenyewe haijaulizwa kitu.

Tuchukue seti ya namna hiyo na tuifanyie hesabu: meza ya futi sita kwa tatu na viti sita, iliyochongwa na fundi wa Dar es Salaam miaka 10 iliyopita, ikiwa nyumbani kwa familia moja Kinondoni. Muuzaji anasema ni mninga na anataka shilingi 1,000,000. Bei zote zitakazotajwa hapa ni za mfano, kwa kuwa mbao na kazi hupanda na kushuka. Msomaji aweke za kwake. Kinachobaki palepale ni njia ya kufikia jibu.

Hesabu huanzia nje ya nyumba ya muuzaji. Inaanzia Keko, wilayani Temeke, au popote ambapo mafundi seremala wanafanya kazi, kwa kuuliza seti kama ile ingegharimu kiasi gani leo ikiagizwa mpya. Alichotoa muuzaji miaka 10 iliyopita hakisaidii, na wala si kwa sababu bei yake ilikuwa kubwa. Mara nyingi ilikuwa ndogo. Mninga ni mti wa misitu ya asili, wa miombo, unaokua polepole kwa miongo mingi, na uvunaji wake unahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Haupandwi kwa wingi na kuvunwa upesi kama paini ya Sao Hill. Kwa hiyo mwenye seti ya mninga iliyotunzwa anaweza kwa haki kabisa kuuza kwa bei iliyozidi ile aliyonunulia, na mnunuzi anayeng'aka, "Lakini wewe ulinunua laki sita!", anauliza jambo lisilohusika.

Ila seti inayolinganishwa lazima ifanane kweli. Anayeuliza tu "meza ya chakula na viti sita ni shilingi ngapi?" atapewa bei tano zinazotofautiana kwa mamia ya maelfu, na zote zitakuwa za kweli. Aende na vipimo: urefu, upana na unene wa ubao wa juu. Aulize kama mbao ni mninga pote au ni juu tu, huku fremu za viti zikiwa za paini iliyopakwa rangi. Aulize viti vitaungwaje. Aulize kama bei inajumuisha sponji, kitambaa na kufikishiwa nyumbani. Tuseme mafundi watatu wametoa bei ya 1,500,000, 1,800,000 na 1,900,000, na baada ya kuhojiwa yule wa kwanza amekiri kwamba fremu za viti vyake zitakuwa za paini na zitapigwa misumari. Huyo anatoka kwenye hesabu, maana hatengenezi kitu kilekile. Tushike 1,800,000, ikiwa imefikishwa nyumbani.

Sasa ndiyo wakati wa kwenda Kinondoni, na jambo la kwanza huko ni kuhakikisha kwamba mninga ni mninga.

Upande wa juu wa meza hausaidii sana, kwa sababu vanishi ya rangi huweza kuifanya paini ifanane na mbao yoyote. Ukweli uko pale ambapo fundi hakujisumbua kupaka: chini ya meza, ndani ya fremu ya kiti, kwenye nyayo za miguu. Kiini cha mninga kina rangi ya kahawia iliyochanganyika na michirizi ya dhahabu au nyekundunyekundu, na rangi hiyo imepenya mbao yote. Paini iliyopakwa, ukiikwaruza kidogo kwa ukucha wa funguo mahali pasipoonekana, huonyesha weupe mara moja. Uzito nao unasema. Kiti cha mninga kikiinuliwa kwa mkono mmoja kinaelemea, cha paini chenye umbo lilelile kinanyanyuka kirahisi.

Jambo linalowapita wengi ni kwamba hata gogo halisi la mninga lina sehemu ya nje, karibu na gome, iliyo nyeupe yenye unjano. Fundi asiyetaka kupoteza mbao huichanganya na kuificha kwa rangi. Muuzaji akisema "ni mninga" hasemi uongo, lakini sehemu hiyo nyeupe ina wanga, nao ndio unaowavuta wadudu watoboao mbao. Ikionekana michirizi myeupe mipana chini ya meza au pembeni mwa mguu, hapo ndipo pa kutafuta vitundu.

Meza ya vinia ni kesi nyingine. Vinia ni ganda jembamba la mbao nzuri lililogandishwa juu ya ubao wa bei nafuu, na hutambulika ukingoni. Kwenye mbao halisi, mistari inayoonekana juu ya meza hufika ukingoni na kuteremka, ukaiona tena kwenye kichwa cha ubao. Kwenye vinia, mistari hukatika ghafla penye mshono mwembamba, na ukingoni unaanza mchoro mwingine usiohusiana na ule wa juu. Meza hiyo inaweza kuwa nzuri na kudumu, lakini ulinganisho wake ni meza mpya ya vinia.

Seti yetu ya Kinondoni imepita hapa. Ni mninga juu na chini, ikiwa na weupe kidogo kwenye mguu mmoja wa meza, bila vitundu.

Kwenye viungo ndipo bei inapoamuliwa, na ndipo wanunuzi wengi hawaangalii kabisa. Kiti ndicho samani inayoteseka kuliko zote nyumbani. Mtu aliyeshiba huegemea nyuma, hunyanyua miguu ya mbele juu ya sakafu, na uzito wake wote huenda kukita sehemu moja: pale ubao wa pembeni wa kikalio unapokutana na mguu wa nyuma. Kiungo hicho kikiwa imara, kiti kitawazidi umri wenye nyumba. Kikiwa dhaifu, vanishi mpya haitakiokoa.

Fundi mzuri huunga hapo kwa ulimi na tundu. Mwisho wa ubao wa kikalio huchongwa ukabaki ulimi, mguu hutobolewa tundu la vipimo vilevile, vinaingizana kwa kubana na gundi hupakwa pande zote. Kwa ndani, kwenye pembe, huongezwa kipande cha pembetatu kilichogandishwa na kukazwa kwa skrubu. Fundi mwenye haraka hukata ubao ukaisha butu, akausukuma ukagusa mguu, kisha akapiga misumari miwili kutokea nyuma. Tatizo la njia hii liko kwenye mbao yenyewe. Msumari unaoingia kwenye kichwa cha ubao unakwenda sambamba na nyuzi, haukatizi kitu, kwa hiyo unachomoka kirahisi. Gundi nayo haishiki vizuri kwenye kichwa cha ubao. Viti vya namna hii huwa imara dukani na huanza kucheza ndani ya mwaka mmoja au miwili.

Kuvitofautisha hakuhitaji kuvunja kitu. Kiti kigeuzwe, miguu juu. Nyuma ya miguu ya nyuma, kwenye kimo cha kikalio, kuna vidoa vya mviringo vyenye rangi tofauti kidogo na mbao? Hiyo ni puti iliyoziba vichwa vya misumari. Hakuna vidoa, na ndani kuna vipande vya pembetatu? Kuna uwezekano mkubwa kwamba ni ulimi. Kisha kiti kirudishwe sakafuni mahali palipo sawa, mtu ashike egemeo kwa mkono mmoja na kikalio kwa mwingine, asukume na kuvuta polepole huku macho yakiwa kwenye ule mshono wa mguu wa nyuma. Mshono ukifunguka na kufunga kama mdomo, hata kwa unene wa karatasi, gundi imeachia. Viti vyote sita vipitie hapo. Familia huwa na viti wanavyovipenda, na viwili vilivyo karibu na mlango vinaweza kuwa vimechoka huku vinne vya ukutani vikiwa kama vipya.

Kulegea si kosa kubwa. Kiungo cha ulimi kilicholegea hufunguliwa, gundi ya zamani ikakwanguliwa yote kwa patasi, gundi nyeupe ya mbao ikapakwa, kiti kikabanwa kwa klampu, au kwa kamba iliyozungushwa miguuni na kusokotwa kwa kijiti, kikaachwa hadi kesho yake. Ni kazi ndogo. Kinachopaswa kumtia mnunuzi wasiwasi ni kiti kilicholegea kikapigwa msumari ili kinyamaze. Msumari ule hupasua ulimi ndani ya tundu, mahali pasipoonekana, na siku fundi makini atakapotaka kukifungua kwa gundi hataweza bila kuuvunja ulimi au kuubomoa mguu. Kiti kinachocheza kidogo ambacho hakijaguswa kina thamani kubwa kuliko kisichocheza kilichopigwa misumari mitatu. Wauzaji wengi hufanya kinyume: siku moja kabla ya mnunuzi kuja, humwita kijana wa mtaani na nyundo.

Kwenye seti yetu, viti vyote ni vya ulimi. Viwili vimelegea. Kimoja kimepigwa msumari, na ulimi wake umepasuka. Tuseme kugandisha upya ni shilingi 15,000 kwa kiti, na kubadilisha ubao wa pembeni wa kile kilichoharibiwa ni 40,000. Jumla 70,000.

Meza nayo ina mshono uliofunguka juu, ufa mrefu ulionyooka unaofuata mahali mbao mbili zilipogandishwa. Uonekanapo, hutisha, lakini ni afadhali ya ufa uliopinda katikati ya ubao, kwa sababu mshono huweza kufunguliwa wote, kunyooshwa kwa randa na kugandishwa tena. Sababu yake ipo chini ya meza. Mbao hunenepa na kukonda kwa upana kadiri hewa inavyobadilika unyevu, na ubao wa futi tatu unahitaji nafasi ya kusogea. Fundi aliyeushikiza kwenye fremu kwa skrubu zilizokazwa kwenye matundu ya mviringo hakuuachia nafasi hiyo, hivyo ulipokonda, ulipasuka penye udhaifu. Matundu marefu kama yai, au vipande vya mbao vinavyoshika ubao bila kuubana, ni dalili kwamba aliyeitengeneza alijua. Anayenunua Dar es Salaam, penye unyevu wa bahari, ili apeleke Dodoma, penye ukavu, alitazame jambo hili mara mbili. Meza iliyotulia pwani kwa miaka 10 inaweza kupasuka bara katika kiangazi cha kwanza. Kurekebisha mshono wa mfano wetu, pamoja na kubadilisha namna ubao ulivyoshikizwa, tuseme 60,000.

Uchakavu wa juu ndio unaopigiwa kelele wakati wa kupatana, ilhali uzito wake kwenye bei ni mdogo. Duara jeupe lililoachwa na sufuria ya moto au glasi ya maji baridi liko ndani ya vanishi tu, na msasa utaliondoa. Doa jeusi ni jingine: hapo maji yamepita vanishi yakaingia kwenye mbao, na huenda likabaki hata baada ya msasa. Mikwaruzo, kufifia, sponji iliyolala, kitambaa kilichochakaa, vyote hivyo hurudishwa na fundi kwa siku chache.

Visivyorudishwa ni viwili. Nyayo za miguu kwenye nyumba za vigae vinavyopigwa deki kila asubuhi hunywa maji kwa miaka. Funguo ikididimizwa pale ikazama, mbao imeoza. Na vitundu vidogo, vya milimita moja au mbili, vikitoa vumbi laini kama unga, vina wadudu hai ndani. Gonga mbao kwa kiganja juu ya karatasi nyeusi. Vitundu vikavu bila unga vinaweza kuwa vya zamani, lakini unga mpya ni sababu ya kuondoka, kwa sababu hataumia mwenye meza peke yake. Milango na vitanda vitafuata.

Sasa hesabu. Kwa samani ya mbao ngumu yenye viungo vya ulimi, asilimia 60 ya bei ya mpya ni mahali pa haki pa kuanzia. Kwa 1,800,000, hiyo ni 1,080,000. Mnunuzi hupunguziwa 720,000, na inafaa kujua anapunguziwa kwa ajili ya nini. Tuseme kupiga msasa na vanishi meza nzima ni 100,000, na sponji na kitambaa kwa viti sita ni 120,000. Hiyo ni 220,000 ya kurudisha upya wa juujuu. Zinabaki 500,000, ambazo ni fidia ya kutochagua rangi na umbo, na ya kutokuwa na fundi wa kumrudia kitu kikiharibika.

Kwa hiyo kinachotolewa tena kwenye 1,080,000 ni yale tu yanayozidi uchakavu wa kawaida: viti 70,000 na mshono wa meza 60,000. Tunafika 950,000. Bei ya mpya ilijumuisha kufikishiwa nyumbani, na hii itahitaji kirikuu cha kuipeleka Tabata, tuseme 50,000. Bei ya haki ni 900,000. Muuzaji aliyeanza na milioni hakuwa mbali.

Mnunuzi wengi wa nia njema hukosea hapa. Hukubali kuanzia asilimia 60 kwa kuwa "imetumika", kisha hutoa tena vanishi na tena sponji, na kufika 680,000 akiamini amekokotoa kwa haki. Ametoa gharama ileile mara mbili. Muuzaji anayejua hesabu hii anaweza kumwonyesha kwa upole, kwa kalamu na karatasi, na mara nyingi mazungumzo hutulia.

Tuipitishe kwenye kipimo hichohicho samani ya aina nyingine kabisa: kabati la nguo la milango mitatu, la chipbodi iliyofunikwa kwa karatasi inayong'aa, lenye miaka miwili tu. Jipya linauzwa 700,000, na mwenyewe anaona 420,000 ni asilimia 60 ileile. Haifai. Chipbodi ni chembe za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, na skrubu ikichomolewa hutoka na chembe zake. Kabati hili haliwezi kupita ngazini bila kufunguliwa, na likifungwa tena skrubu zilezile zitaingia kwenye matundu yaliyokwisha kupanuka. Maji yakiufikia ukingo wa chini, unavimba na haurudi tena, kwa msasa wala kwa dawa. Lisilowahi kufunguliwa, lililo kavu chini, linaweza kuthaminiwa robo ya bei ya jipya, yaani 175,000. Lililokwisha hama nyumba mara moja, au lililovimba ukingoni, ni la kuuzwa pamoja na nyumba, yaani kumwachia mpangaji anayeingia kwa kiasi chochote mtakachokubaliana, kwa kuwa kulisafirisha kutalimaliza.

Dharura ya muuzaji nayo huingia kwenye bei. Lori la Dodoma likiwa linapakia Jumamosi, seti ya 900,000 inaweza kuondoka kwa 700,000, na mnunuzi aliyefika Ijumaa jioni hajamwibia mtu. Amelipa bei ya haraka, na ni vema wote wawili wajue kwamba ndiyo hiyo. Muuzaji mwenye wiki mbili mkononi ana njia bora. Viti viwili vilivyolegea avipeleke kwa fundi avigandishe kwa 30,000, amwambie asipige hata msumari mmoja, na mnunuzi akija avikute vimegeuzwa sebuleni, miguu juu, viungo vikionekana.